Nyayo Zisizo na Kisigino

Ko. Shwaa. Ko. Shwaa.

Masalu aliisikia sauti hiyo kabla hajaona chochote. Ukungu wa Agosti ulikuwa umelala juu ya uwanda wa Dembia, mzito kama maziwa yaliyoganda, na yeye alikuwa amesimama kwenye njia ya kanisani, buti zake zimezama kwenye tope jeusi. Kitu kigumu kiligonga jiwe, kisha kitu laini kikaburutwa. Ko. Shwaa. Halafu ikaja nyingine nyuma yake, na nyingine, zikipishana, mpaka akashindwa kuhesabu.

Wakatokea mmoja mmoja. Walikuwa wanaume watano waliovaa shuka nyeupe, kila mmoja na fimbo, wawili wana fimbo mbili mbili. Walitembea kwa ncha za vidole, magoti yakisuguana, mguu mmoja ukikatiza mbele ya mwingine kama mkasi. Ungesema wananyata wasimwamshe mgonjwa aliyelala, ila fimbo zao zilikuwa zinamwamsha kila mtu. Kuanzia kiunoni kwenda juu walikuwa watu kamili: mabega mapana, mikono ya kulimia, macho makali.

"Mtu wa Tanzania," alisema wa mwisho, akisimama kupumua. "Kwenu hamjawahi kuona watu wakicheza ngoma asubuhi?"

"Kwetu ngoma huchezwa na nyoka mkononi, Gashe Asmare," Masalu akajibu. "Hii yenu bado ya watoto."

Asmare akacheka mpaka fimbo zikatetemeka. Ndiyo maana Masalu alimpenda. Mzee huyo, ambaye kwa heshima wote walimwita Gashe, alikuwa shemeji wa mama mwenye nyumba aliyofikia, na tangu siku ya kwanza hakumbeza kwa Kiamhari chake cha kuungaunga. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu tu, lakini fimbo zilikuwa zimemzeesha. Zilimpata akiwa na kumi na tisa.

Wakapita. Ukungu ukawameza, ukabaki ule mlio peke yake ukienda kanisani bila watu.

Masalu alikuwa ametoka mbali kuja kusikia mlio huo. Kwao ni Mwamapalala, wilaya ya Itilima, kule ambako udongo wa mbuga ni mweusi vilevile na dengu hupandwa mvua ikishaondoka. Serikali ilikuwa imempeleka kusoma mambo ya mbegu, na chuo cha huku Ethiopia kikamtuma akusanye guaya nyumba kwa nyumba. Guaya ni ndugu wa dengu na choroko: punje ndogo yenye pembe kama jino la mtoto, rangi ya kijivu yenye madoa. Haijali kiangazi. Haijali maji yaliyotuama. Mazao mengine yote yakifa, guaya hubaki imesimama shambani. Lakini ina sumu ndani, isiyo na ladha wala harufu, na kazi ya Masalu ilikuwa kutafuta mbegu yenye sumu kidogo kuliko nyingine. Alikuwa amesoma juu ya sumu hiyo kwa miaka miwili. Aliijua kwa jina lake refu la maabara. Alijua, na kujua kwake kulimpa kiburi kidogo, kama kila kijana aliyesoma usiku kwa kibatari na kuwashinda waliosoma kwa umeme.

Enatnesh, mwenye nyumba, aliyeitwa Etiye kwa heshima, alikuwa mjane mwembamba aliyetembea haraka kama mtu anayechelewa sokoni. Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki nyumbani, Getnet, wa miaka kumi na tisa. Harusi yake na Yeshihareg ilikuwa imepangwa baada ya sikukuu ya Timkat, mwezi wa Januari.

Kulikuwa na desturi katika nyumba hiyo ambayo Masalu hakuizoea. Kila chungu cha guaya kilipokaribia kuchemka, Enatnesh alijifunga shuka puani, akachukua mwiko na kugonga sufuria mara tatu. Getnet aliinuka popote alipokuwa, akatoka mbio. Hakuaga. Mama alimrushia kifuko cha ngozi mlangoni, akafunga mlango nyuma yake, kisha akaziba nyufa kwa matambara, ili mvuke usimfuate mwanawe uani.

"Ni mvuke ndio unaokata miguu," alimweleza Masalu. "Ukichemka unatafuta kijana wa kiume. Unamwingia magotini. Na majani makavu ya guaya usiyalalie, na shamba lake usilipite na umande. Shemeji yangu Asmare, mvuke ulimkuta amelala."

"Etiye, ni kile kinacholiwa," Masalu akasema. "Siyo kinachopumuliwa."

"Umekisoma kwenye kitabu?"

"Ndiyo."

"Kitabu hicho kilishawahi kupika?"

Asmare, aliyekuwa amekaa kando ya mlango, akamtazama Masalu kwa huruma ya uchokozi. "Hapo amekupiga mwereka, mtu wa Tanzania. Jifute vumbi."

Masalu hakujifuta. Alibishana. Alieleza mishipa ya fahamu, alieleza uti wa mgongo, akachora kwa mkaa kwenye kigae cha chungu. Enatnesh alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamnawisha mikono na kumwekea chakula: injera, mkate mpana laini wa nafaka ya teff, mchuzi mzito wa unga uitwao shiro juu yake, kitunguu, saumu na tangawizi vikinukia. Alikula huku bado anaeleza. Aliona ameshinda. Na kwa kuwa aliona ameshinda, hakuuliza swali hata moja juu ya kile kifuko cha ngozi.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha usiku kucha, ikakata alfajiri. Masalu alitoka kwenda kunawa, akaona nyayo zikitoka mlango wa nyuma kuelekea mashambani.

Baba yake Mayige alikuwa amemfundisha kusoma nyayo kabla hajajua kusoma herufi. Ng'ombe akipotea Mwamapalala, huulizi watu, unauliza ardhi. Unajua aliyechoka, mwenye mimba, aliyekuwa anafukuzwa. Kwa hiyo Masalu hakutazama tope lile kama mgeni. Alilitazama kama barua.

Na barua ilikuwa na kasoro. Vidole vilikuwapo, vitano, vimezama sana. Unyayo wa mbele ulikuwapo. Kisha pakawa na tope laini, lisiloguswa na kitu. Hapakuwa na kisigino, si kwenye wayo wa kwanza, wala wa pili, wala wa kumi.

Nywele zikamsimama. Kwa muda mfupi, yeye msomi wa maabara, alimkumbuka bibi yake Nyanjige na hadithi zake za wale wanaopita usiku bila kukanyaga sawasawa. Akatazama nyuma. Ukungu ulikuwa umesimama uani kama mtu aliyekuja kudai jambo lake.

Kando ya ukuta, chini ya paa, palikuwa na sehemu ambayo mvua haikufika. Hapo palikuwa na nyayo za juzi zilizokauka. Masalu akachuchumaa. Vidole vilevile vipana, kidole kidogo cha kushoto kikiwa kimepinda vilevile. Nyayo hizo zilikuwa na kisigino, chepesi, kama mhuri uliobandikwa na wino unaokwisha. Zilizokuwa ndani zaidi, za zamani zaidi, zilikuwa na kisigino kizima.

Mtu mmoja, tope tatu. Kisigino kilikuwa kinamwacha kidogo kidogo.

Alizifuata nyayo hizo karibu nusu saa, akipita kwenye ukungu asione mbele yake zaidi ya hatua sita. Kila baada ya hatua chache vidole viliburuza mfereji mdogo. Mahali pamoja palikuwa na alama ya magoti na viganja. Alikuwa ameanguka. Mahali pengine tena.

Alimkuta Getnet amesimama nyuma ya maksai wawili, ameshika mpini wa plau. Wanyama walikuwa wanamngoja. Miguu yake ilikuwa inatetemeka chini ya suruali iliyolowa, yenyewe, kama miguu ya ndama aliyezaliwa muda huo huo, huku uso wake umetulia.

"Umepotea, kaka?" Getnet akauliza.

"Tangu lini?"

Kijana alijua anaulizwa nini. Akatazama kando. "Misuli ya nyuma ilianza kukaza usiku, wiki mbili sasa. Nilidhani ni kulima. Asubuhi nainuka, miguu mizito kama ya mtu mwingine. Ikipata moto inalegea kidogo."

"Inauma?"

"Haiumi. Ndiyo inayonitisha. Nikiibana naisikia. Nikiiambia nyooka, hainisikii yenyewe."

"Mama anajua?"

"Kaka." Getnet akaachia mpini, akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu za kuvunja kuni. "Usimwambie mtu. Baba wa Yeshihareg akisikia mimi natembea kwa vidole, harusi hakuna. Nani anampa binti yake mtu wa fimbo? Nimetoka nje kila mara. Sijawahi kuuvuta mvuke hata siku moja, nakuapia. Sijui umenifikiaje."

Kifuko cha ngozi kilikuwa kinaning'inia kiunoni mwake. Masalu akakifungua bila kuomba ruhusa. Kilikuwa na guaya zilizokaangwa kavu, kavu kabisa, bila hata chembe ya chumvi. Akaishika moja kati ya vidole, ile punje aliyoijua kwa jina lake refu.

"Hiki ndicho chakula chako?"

"Mama akipika mimi niko nje. Nakula hiki."

"Mchana?"

"Na jioni. Wakati mwingine za kuchemsha zikishapoa, mvuke ukishaisha. Mwaka jana mvua ya mawe ililala juu ya teff yetu, unajua. Na sasa ni Filseta, mfungo wa Mariamu, hakuna maziwa, hakuna yai. Tangu mwezi Mei, hivi."

Masalu akahesabu. Miezi mitatu na siku kadhaa. "Na ile injera? Mbona kila siku ipo?"

Getnet akashangaa swali lenyewe. Akalijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kuwa jua hutoka asubuhi.

"Hiyo ni ya mgeni."

Masalu alisimama hapo na punje mkononi. Siku ishirini. Siku ishirini alikuwa amekaa kwenye kigoda akila teff ya mwisho ya nyumba hiyo huku akiwafundisha juu ya sumu. Mama na mwana walikuwa wamemsikiliza kwa adabu, na baada ya yeye kushiba, mmoja alikuwa anakwenda shambani kutafuna somo lenyewe.

Walirudi maksai wakiwa mbele, Getnet akimwegemea begani. Enatnesh aliwaona wakitokea kwenye ukungu, na Masalu hakuhitaji kuvunja siri yoyote. Mama aliangalia miguu ya mwanawe. Akakaa chini palepale uani, kwenye maji.

"Ulipita lini kwenye mvuke?" akamuuliza. "Niambie tu. Siku gani sikugonga?"

"Uligonga kila siku, mama."

"Basi ni majani. Ulilalia majani."

"Etiye," Masalu akaanza, na safari hii sauti yake haikuwa na mkaa wala kigae. "Nani amesimama juu ya chungu hiki miaka thelathini?"

Enatnesh akageuza macho jikoni.

"Ni wewe. Na mama yako kabla yako. Nyote mnatembea. Kama ni mvuke, wa kwanza kuanguka wangekuwa wapishi."

"Mvuke hautaki wanawake."

"Kuna wanawake wachache wanaoumwa, na kwa nini wanaume ni wengi zaidi, hata wenye kusoma hawajamaliza kujua. Labda kwa sababu wao hufanya kazi nzito na njaa tumboni. Lakini wewe hukula ulichompa yeye. Unakula mchuzi wenye kitunguu na saumu. Unakwangua mabaki ya injera yangu. Punje moja ya guaya haina ubaya, Etiye. Hata bakuli halina ubaya kama nafaka iko pembeni. Nafaka ina kitu ambacho guaya haina, kitu ambacho mwili hukitumia kujikinga. Ukimpa guaya peke yake, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mwili unabaki bila mlinzi, na sumu inaichokoza mishipa ile ya miguu mpaka inaungua. Kuikaanga hakuiondoi yote."

"Kwa hiyo mimi," Enatnesh akasema polepole. "Mimi nimemtoa nje ya mlango nikampa."

Masalu akayatazama matambara ya mlangoni. Mwanamke huyu alikuwa ameziba nyufa za mlango wake kwa nguo zake mwenyewe.

Ndipo wakasikia mlio mlangoni. Ko. Shwaa. Asmare alikuwa amesimama hapo muda gani, hawakujua. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mwaka ule," alisema, "mama yetu aligonga chungu kwa jiwe. Sufuria hatukuwa nazo." Akaegemea fimbo zake. "Mimi ndiye niliyekuwa mtiifu. Kaka yangu, mume wako, Enatnesh, alikuwa mlafi na mkaidi. Alijificha jikoni, akakaa mvukeni akadokoa injera ya wazee. Mimi nilikimbia kila mara nikaenda na mfuko wangu. Miaka ishirini na minne nimejiuliza mvuke uliniona wapi. Sikuwahi kuingia jikoni mwaka ule. Hata mara moja."

Mvua ikaanza tena. Hakuna aliyeinuka kuingia ndani.

"Mlafi akafa akiwa amesimama wima," Asmare akasema. "Kwa malaria."

Siku iliyofuata walimpandisha Getnet juu ya nyumbu, saa tatu za safari hadi kituo cha afya. Tabibu alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimchoma Getnet kwa pini kwenye nyayo na mapajani, na Getnet akasikia kila mahali. Akamshindanisha mikono, mikono ikamshinda tabibu. Kisha akagonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, na mguu ukaruka kama uliopigwa teke na mtu wa ndani.

"Tulia," tabibu akasema. Akashika unyayo, akausukuma juu kwa ghafla, akaushikilia.

Unyayo ukaanza kupiga. Tap, tap, tap, tap, kwenye kiganja cha tabibu, wenyewe, bila mwenyewe kuuambia. Getnet aliutazama kama mtu anayetazama mnyama aliyeingia nyumbani. Enatnesh akauwekea mkono juu, kama anavyonyamazishwa mtoto. Ukaendelea chini ya mkono wake.

"Tunauita lathirizimu," tabibu akasema. "Nyie mnauita miguu ya guaya. Ni kitu kimoja." Alimgeukia mama, na Masalu akamheshimu kwa kutozunguka. "Kilichoungua hakirudi. Hakuna kidonge wala sindano. Ila huu umeshikwa mapema. Akiacha leo, kabisa, kwa kawaida hauendelei. Huenda atatembea hivi hivi kwa vidole, bila fimbo. Akirudia kula, itakuja fimbo moja, kisha ya pili, kisha atatambaa. Nimewaona wanaotambaa."

"Na sisi wengine?" Enatnesh akauliza. "Ghala langu lote ni guaya."

"Yeye asiiguse. Nyie wengine kama hamna njia, iloweke usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha, mwaga tena. Inapungua, haiishi. Kisha changanya: sehemu moja guaya, sehemu tatu shayiri au mahindi au ngano. Kitunguu na saumu msiache. Na huyu, mfungo haumhusu, mwambieni padri nimesema mimi. Maziwa. Mayai."

Njiani kurudi ukungu ulikuwa umeshuka tena mpaka kwenye masikio ya nyumbu. Masalu alikuwa ametembea akitunga maneno na kuyavunja. Mwisho akasema tu, "Etiye, kuanzia kesho nalala kwa mwalimu wa shule. Jumamosi nakwenda mjini na gunia zako mbili za guaya, narudi na shayiri. Na teff iliyobaki..."

"Usinifukuzie mgeni nyumbani mwangu kwa mdomo wako," Enatnesh akamkata. "Shayiri nitaileta mwenyewe. Unadhani sijui soko lilipo?"

"Alikuwa anajaribu kuomba radhi, mama," Getnet akasema kutoka juu.

"Najua anachojaribu. Anajaribu vibaya."

Wakatembea. Mbele yao, mahali pasipoonekana, fimbo zilikuwa zinarudi kutoka kanisani, na safari hii Getnet aliinamisha kichwa akazisikiliza, moja moja, kama anayetafuta pengo la fimbo yake mwenyewe.

"Mama," akasema, "Yeshihareg utamwambia wewe, au mimi?"

"Nitamwambia mimi, yeye na baba yake, kwa kinywa changu. Nitawaambia ni mkono wangu ulioujaza mfuko."

"Wakikataa?"

Enatnesh akasimamisha nyumbu katikati ya njia. Akamshika mwanawe kifundo cha mguu, uleule uliokuwa ukipiga, na akaongea kwa sauti kubwa, ili Masalu asikie, na wale wa kwenye ukungu wasikie.

"Kukataa ni kwao, hilo siliwezi. Ninaloliweza ni hili, Getnet, nakuapia kwa jina la Mariamu tunayemfungia: punje ya guaya haitapita tena mdomoni mwako. Wewe utakula kwanza, mgeni atafuata, mimi wa mwisho. Na nafaka ikiisha nyumbani, nitabeba bakuli nipite mlango kwa mlango, mimi ambaye sijawahi kumwomba mtu hata chumvi, nitaomba shayiri kwa jina lako mpaka mavuno."